Disathria au apraksia ya usemi? Sikiliza neno moja mara tano

Mgonjwa wa kiharusi akianza kusema tena, ndugu waliomzunguka kitandani huwa na maelezo mamoja: "Ulimi umekuwa mzito." Kwa wengine ni kweli kabisa. Kwa wengine ulimi hauna uzito wowote: unatoka nje, unalamba midomo, unasukuma tonge la ugali bila shida, lakini ukiombwa kutamka "samaki" unapotea njia. Wa kwanza ana disathria, wa pili ana apraksia ya usemi. Mazoezi yanayomsaidia mmoja hayamsaidii mwingine, kwa hiyo kuwatofautisha mapema kunaokoa wiki nyingi za jasho la bure.

Mwongozo huu ni kwa muuguzi, tabibu, mfiziotherapia au ndugu mwenye subira, katika kituo cha afya cha Sengerema au nyumbani Igoma, Mwanza, asiye na mtaalamu wa tiba ya usemi karibu. Unahitaji simu inayorekodi, karatasi, kalamu, na dakika kama 30 za utulivu. Hautachukua nafasi ya daktari, na mtu ambaye usemi wake umeharibika leo hii ghafla hapimwi maneno. Anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kosa linazaliwa wapi

Ili mtu atamke "dagaa", ncha ya ulimi hupanda nyuma ya meno ya juu, kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya pua, nyuzi za sauti hutetemeka, kisha ncha ya ulimi hushuka huku mgongo wake ukipanda kwa ajili ya g. Yote hayo hupita chini ya sekunde moja. Kuna kazi mbili ndani yake. Ya kwanza ni kupanga: kiungo gani kiende wapi, kwa wakati gani, baada ya kipi. Ya pili ni kutekeleza: misuli yenyewe ipokee amri na kusogea kwa nguvu, kwa kasi na kwa umbali unaotakiwa.

Disathria ni hitilafu ya kutekeleza. Misuli imelegea, imekakamaa, inatikisika au haishirikiani, kwa sababu mishipa ya fahamu au sehemu za ubongo zinazoiongoza zimeumia. Apraksia ya usemi ni hitilafu ya kupanga, na mara nyingi chanzo chake ni jeraha upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele. Misuli ni mizima au karibu nayo, ila mpango unaoifikia umeharibika.

Hapo ndipo tofauti ya makosa inapoanzia. Msuli dhaifu ni dhaifu kila unapoitwa kazini. Kama mgongo wa ulimi haufiki juu, haufiki katika "kaka", haufiki katika "samaki", na haufiki mgonjwa anapohesabu "kumi". Kosa lake unaweza kulitabiri kabla hajafungua kinywa. Mpango ulioharibika ni habari nyingine: unaathirika zaidi neno linapokuwa refu, linapobadilisha sehemu za kinywa haraka, na mtu anapolazimika kulitamka kwa makusudi badala ya kulitoa kwa mazoea.

Kutokana na hayo iliota kanuni iliyofundishwa kwa miaka mingi: makosa ya disathria hayabadiliki, makosa ya apraksia hubadilikabadilika. Frederic Darley na wenzake wa Kliniki ya Mayo huko Marekani, ambao mwaka 1969 walichapisha uchambuzi wa usemi wa wagonjwa 212 na kuweka msingi wa aina za disathria tunazozitumia hadi leo, ndio pia walioieneza picha hiyo ya apraksia. Lakini tafiti za miaka ya 1990, zilizochagua wagonjwa wenye apraksia pasipo afasia, yaani pasipo hitilafu ya lugha yenyewe, zilionyesha jambo ambalo wengi hawajalipokea hadi leo: makosa ya apraksia hurudi mahali palepale katika neno, na mara nyingi ni ya aina moja, kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo anayepima akiuliza tu "je, yanabadilika?" atakosea. Maswali ni matatu, na kila moja linajibiwa peke yake: kosa linakaa sauti ipi, linachukua umbo gani, na linaongezeka kazi ipi inapobadilika.

Kabla ya kurekodi

Muulize kwanza mtu aliyeishi na mgonjwa jinsi alivyokuwa akisema kabla ya kuugua. Huku Kanda ya Ziwa, hili ni la lazima. Wasukuma wengi hubadilishana r na l wanapozungumza Kiswahili, na watu wengi wa bara hutamka "zahabu" badala ya "dhahabu" na "samani" badala ya "thamani". Hayo si makosa ya kiharusi. Ukiyahesabu, utampa mzee ugonjwa aliozaliwa nao kijijini kwao pamoja na wote waliomlea. Uliza pia kama alikuwa na kithembe, kigugumizi au king'ong'o tangu utotoni, na kama ana meno ya bandia yaliyosahaulika nyumbani. Meno ya mbele yakikosekana, s huvuja kila mara, na ukiisikiliza bila kutazama utadhani ni disathria.

Chagua saa ambayo mgonjwa hajachoka. Funga redio. Weka simu kwenye meza, kama sentimita 30 kutoka mdomoni, na irekodi video, si sauti peke yake. Mgonjwa wa apraksia mara nyingi huhangaika kimya kwanza: midomo inajikunja kama ya p, inaachia, ulimi unatafuta mahali, taya linafunguka na kufunga, na ndipo sauti inatoka. Kutafutatafuta huko kunaonekana kwa macho, sikio halikupati.

Hatua ya kwanza: kinywa kisichosema

Mwombe atoe ulimi na kuushikilia nje kwa sekunde tano. Tazama kama unakwenda upande mmoja, kama umesinyaa, kama una mitetemo midogo juu yake. Mwombe ausukume ulimi dhidi ya shavu kwa ndani huku kidole chako kikizuia kwa nje, kushoto kisha kulia, ulinganishe nguvu. Mwombe ajaze mashavu hewa na uyabonyeze taratibu: hewa ikitoka mdomoni, midomo imelegea, ikitoka puani, kaakaa laini halizibi. Mwombe aseme "aaa" kwa pumzi moja hadi iishe. Mtu mzima mwenye afya hufikisha sekunde 15 au zaidi bila taabu. Chini ya 10 ni dalili kwamba pumzi au nyuzi za sauti zina tatizo. Sikiliza sauti yenyewe pia: imekaba, ina pumzi nyingi, au ina maji kama ya mtu anayesukutua?

Sauti ya maji ni onyo. Mwenye disathria mara nyingi ana shida ya kumeza pia. Akikohoa baada ya kunywa, au uji ukirudi puani, asilishwe kwa mdomo mpaka amechunguzwa uwezo wake wa kumeza.

Mgonjwa wa apraksia tupu hupita hatua hii bila dosari kubwa. Nasema tupu kwa sababu kiharusi cha upande wa kushoto mara nyingi hupoozesha pia upande wa kulia wa uso kidogo, na udhaifu huo huleta disathria nyepesi ambayo kwa wengi hupungua ndani ya siku au wiki chache. Kuona mdomo umepinda hakuondoi apraksia. Swali la kubeba moyoni ni hili: je, udhaifu nilioupima hapa unatosha kueleza makosa nitakayoyasikia?

Hatua ya pili: usemi wa mazoea na usemi wa makusudi

Msalimie kama ungemsalimia siku yoyote, kwa shikamoo au habari za asubuhi, na kama ni Msukuma, "mwangaluka". Kisha ahesabu moja hadi ishirini, ataje siku za wiki. Haya ni maneno ambayo kinywa kimeyapita mara elfu na hutoka yenyewe.

Sasa chomoa neno moja kutoka kwenye mfululizo. Mwonyeshe vidole saba na umwombe aseme "saba" peke yake. Wengi huwapa wagonjwa kazi ya kuhesabu kinyumenyume, lakini kazi hiyo inahitaji fikra nyingi, na anayeshindwa huenda ameshindwa na hesabu, si na matamshi. Neno lilelile, nje ya mfululizo wake, ni kipimo safi zaidi.

Mwenye disathria atatamka "saba" kwa kosa lilelile katika sehemu zote mbili. Mwenye apraksia anaweza kuipita saba vizuri anapohesabu, kisha akakwama kabisa anapoonyeshwa vidole. Mshangao wake mwenyewe utauona usoni, kwa kuwa sikio lake linasikia kosa. Tofauti hii hupungua apraksia inapokuwa kali sana, na mgonjwa wa namna hiyo anaweza asitoe hata salamu.

Hatua ya tatu: pa, ta, ka

Mwombe aseme "papapapa" kwa kasi na ulinganifu kadiri awezavyo, kwa sekunde tano. Halafu "tatatata", halafu "kakakaka". Mtu mzima mwenye afya hutoa silabi kama 5 hadi 7 kwa sekunde, "ka" ikiwa nyuma kidogo. Huwezi kuzihesabu papo hapo. Cheza rekodi kwa nusu ya kasi huku ukigonga nukta kwenye karatasi kila silabi ikipita, kisha hesabu nukta. Nukta zako zitakuonyesha pia kama mapigo yalikuwa sawa au yalirukaruka.

Baada ya hapo aseme "pataka-pataka-pataka". Wataalamu kote duniani hutumia mfuatano huu kwa sababu unapita midomo, ncha ya ulimi na mgongo wa ulimi kwa zamu. Kiswahili kimetupa zawadi hapa, maana mfuatano huohuo upo ndani ya neno halisi: patakatifu. Mgonjwa anayechanganyikiwa na silabi zisizo na maana mpe neno hilo.

Katika disathria ya udhaifu, "kakaka" peke yake itakuwa pole na isiyobana, na "pataka" itakuwa na tatizo hilohilo palepale kwenye ka, wala si jipya. Katika apraksia, "papapa" na "tatata" huweza kuwa za kuridhisha, lakini "pataka" ikavunjika: "patata", "pakata", "pa… ta… pa". Msuli mmoja kurudia kazi moja si tatizo. Kupokezana ndiko kunakoshindikana.

Hatua ya nne: ngazi ya neno

Hapa Kiswahili kina nguvu ambayo lugha nyingi hazina. Tunaweza kurefusha neno bila kubadilisha sauti za mzizi, kwa hiyo tunajua kwamba kilichoongezeka ni urefu tu. Mgonjwa arudie baada yako, moja moja, kwa utulivu:

pika
pikia
pikiana
wamepikiana

Silabi zinatoka mbili hadi sita, na p na k ziko zilezile. Sikiliza "pik-" tu. Kama ilikuwa mbovu tangu "pika" na imebaki mbovu kwa namna ileile mpaka mwisho, unaelekea disathria, ingawa silabi za mwisho za neno refu zinaweza kufifia pumzi ikiisha. Kama ilikuwa safi katika "pika" na ikaharibika katika "wamepikiana", msuli haujabadilika katika sekunde hizo kumi. Kilichobadilika ni ukubwa wa mpango.

Hatua ya tano: neno moja mara tano

Chagua maneno matano ambayo mgonjwa anayajua: kapu, dagaa, samaki, mtumbwi, kitambulisho. Kila neno alitamke mara tano. Usimpe yote matano kwa mkupuo. Zunguka orodha nzima mara tano, ili jaribio moja lisibebwe na lililotangulia. Na mpe kila neno kwa njia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mara hii umemtamkia arudie, mara ijayo umemwonyesha picha, mara nyingine asome: hapo kubadilika utakakokusikia ni kwako wewe.

Andika kila jaribio jinsi lilivyosikika, si jinsi lilivyokusudiwa. Sauti iliyorefuka iandike kwa herufi nyingi, na pengo kati ya silabi kwa mstari. Kisha weka alama kwa kila konsonanti: sahihi, imepotoka, imebadilishwa, imerefuka, imeachwa.

Tuchukue wagonjwa wawili wa mfano. Wa kwanza ni mvuvi wa Ukerewe mwenye miaka 63, kiharusi kimempata kwenye shina la ubongo. Mgongo wa ulimi wake ni dhaifu, na mashavu yakibonyezwa hewa hutokea puani. Wa pili ni mama wa miaka 56 anayeuza dagaa Mwaloni, kiharusi kiko upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia umelegea, anaelewa kila anachoambiwa, ulimi wake una nguvu.

Mvuvi anatamka "samaki" hivi mara zote tano: s hafifu inayovuja puani, m safi, na k ambayo haibani, inasikika kama gh. *Samaghi, samaghi, samaghi, samaghi, samaghi.* Ya tano ni hafifu zaidi kwa sababu amechoka.

Mama anatamka hivi:

1. ssssa – ma – ki
2. cha – ma – ki
3. ta… sa – ma – ti
4. sa – ma – ki
5. sssa – ma – kkki

Neno lina konsonanti tatu, majaribio ni matano, kwa hiyo nafasi za kukosea ni 15. Mvuvi amekosea 10: s mara tano, k mara tano, m hakuna. Mama amekosea 6: s mara nne (imerefuka mbili, imekaribia ch moja, imeanza na t moja), k mara mbili (t moja, imerefuka moja), m hakuna. Idadi inasema mvuvi ni mbaya zaidi, na haisemi kingine chochote. Tuje kwenye maswali yetu matatu.

Mahali: kwa wote wawili makosa yanakaa kwenye s na k, na m inaponea. Mama naye hakosei ovyo. Anayetarajia apraksia irukeruke kila upande atamkosea mama huyu.

Umbo: hapa wanaachana. Kosa la mvuvi ni moja, na lina sababu ya kimwili inayoonekana. K inahitaji mgongo wa ulimi ugonge kaakaa na kufunga kabisa. Ulimi usipofika, hewa inapita kwenye mwanya, na k inakuwa gh. S inahitaji hewa nyingi mdomoni. Kaakaa laini likiacha mlango wa pua wazi, hewa inapotea. M haina tatizo kwa sababu pua yake huwa wazi siku zote. Ukishajua hayo, unaweza kutabiri kwamba "dagaa" itakuwa karibu na "nang'aa", maana d iliyovuja puani ni n na g iliyovuja puani ni ng'. Bana pua ya mvuvi taratibu kwa vidole viwili na umwombe arudie. D inarudi, s inapata nguvu, lakini k ya "samaki" inabaki gh, kwa sababu hiyo ni ya ulimi, si ya pua. Kipimo hiki kidogo hakina gharama, nami nakiamini kuliko maelezo marefu kwenye faili. Maumbo ya makosa ya mama, kwa upande mwingine, ni kadhaa, ila yana ujirani: t, ch na s zote hutamkiwa sehemu ya mbele ya kinywa. Na kubana pua yake hakubadilishi kitu.

Tazama sasa jaribio la nne. Konsonanti zote tatu ni sahihi, na mtu mwenye haraka ataliandika kuwa zima. Si zima. Silabi zimetenganishwa na kila moja imepewa uzito sawa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sa-MA-ki, na sikio letu halisahau hilo. Mama anatamka SA – MA – KI. Mwendo huo wa pole wa silabi mojamoja uko katika majaribio yote matano, yenye kosa na yasiyo na kosa. Hiki ndicho kitu kisichobadilika katika apraksia, na kina uzito kuliko kubadilika kwa sauti.

Kazi: ngazi ya mvuvi inasikika "pigha, pighia, pighiana, wamepighiana", na akihesabu kumi anasema "ghumi". Mama anatoa "pika" na "pikia" bila shida, "pikiana" inakuwa "pi – ti – kiana", na kwenye "wamepikiana" anaanza mara tatu, "wa – me… pa… we – me…", kisha anatikisa kichwa na kuacha. Anahesabu hadi ishirini kwa sauti nzuri. Akionyeshwa vidole saba, anahangaika.

Mvuvi ana disathria. Mama ana apraksia ya usemi.

Mahali ambapo kipimo hudanganya

Hatari kubwa zaidi ni disathria inayotokana na ubongo wa nyuma, ule unaoratibu mwendo. Hii hubadilikabadilika kweli: silabi moja inalipuka kwa nguvu, nyingine inamezwa, kosa liko hapa sasa hivi na pale baadaye. Watu wa mtaani humdhania mgonjwa kuwa amelewa, na kwa bahati mbaya hata kituoni hupokelewa hivyo. Ukifuata kanuni ya zamani utasema ni apraksia. Rudi kwenye nukta zako za "papapa". Kwa mgonjwa huyu hata silabi moja inayojirudia huruka mapigo, usemi wa mazoea nao unayumba sawa na wa makusudi, na akitembea miguu yake inatanuka na kupepesuka. Hatafuti mahali pa kuweka ulimi. Anapajua, anapapita au hafiki. Disathria zinazoletwa na misogeo isiyo ya hiari, kama ya taya linalojifungua lenyewe, nazo hubadilika ghafla, lakini msogeo huo utauona hata akiwa kimya.

Kubadilika kwa namna nyingine ni kule kwa uchovu. Mwombe mgonjwa ahesabu hadi mia moja bila kupumzika. Kama sauti inaanza safi, inazidi kuingia puani na kulegea, kisha inarudi baada ya dakika chache za kunyamaza, huyo anahitaji daktari wa mishipa ya fahamu haraka. Kuna ugonjwa wa muunganiko wa neva na misuli unaofanya hivyo, una dawa, na ukiachwa unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua.

Afasia nayo huleta sauti zilizobadilishwa, na huambatana na apraksia mara nyingi sana kwa kuwa maeneo yao ni jirani. Mwenye afasia anayechagua sauti isiyo yake atasema "tamaki", lakini kwa kasi ya kawaida, t ikiwa safi kabisa na mkazo ukiwa mahali pake. T ya mama wa Mwaloni haikuwa safi. Ilikuwa kati ya t na s, ikafuatwa na pengo. Unapokuwa na mashaka kati ya hizi mbili, usitegemee kubadilika kwa makosa hata kidogo, maana zote mbili hubadilika. Tegemea kasi, urefu wa sauti na mkazo.

Na mara nyingi jibu ni vyote viwili pamoja. Hapo gawa makosa: yale yaliyomo katika kila kazi, yenye sababu uliyoiona kwenye hatua ya kwanza, yaandike upande wa disathria, yanayojitokeza neno likirefuka au likitoka kwenye mazoea, upande wa apraksia.

Ukishajua

Andika ulichokisikia, si jina la ugonjwa peke yake. "K inakuwa gh katika maneno yote na katika kuhesabu, d inakuwa n na kurudi pua ikibanwa" ni sentensi ambayo daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando anaweza kuifanyia kazi. "Usemi si mzuri" haimsaidii. Tuma pia video, kwa ridhaa ya mgonjwa, na uitunze: baada ya mwezi utarudia maneno yaleyale na kulinganisha.

Kwa mvuvi, kazi inaanzia kwenye mkao wima, pumzi, sentensi fupi, mwendo wa taratibu na kuifungua sauti, pamoja na uchunguzi wa kumeza. Kaakaa laini lisipopata nguvu, kuna vifaa vya kuliinua vinavyotengenezwa na madaktari wa meno.

Kwa mama, mazoezi ya kupuliza mshumaa na kusukuma ulimi hayagusi tatizo, kwa sababu ulimi wake haukuwa dhaifu. Anahitaji maneno yenyewe. Chagua machache anayoyahitaji kila siku: jina la mwanawe, "nipe maji", "bei gani". Keti mbele yake ili aone kinywa chako, tamkeni pamoja kwa pole, kisha mwache aseme peke yake huku akigonga meza kwa mkono wa kushoto, pigo moja kwa kila silabi. Rudieni neno mara nyingi kwa kikao kifupi, mara kadhaa kwa siku, mkiongeza urefu ngazi moja tu anapokuwa ameizoea iliyotangulia. Akikwama, usimmalizie neno papo hapo. Mwonyeshe umbo la mdomo la sauti ya kwanza, bila kutoa sauti, na umsubiri.